Kugeuza rekodi za sauti za saiti kuwa ripoti yenye hatua za kufuatilia

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mkaguzi wa ujenzi. Nikiwa saiti narekodi kwa simu kila ninachokiona, lakini nikirudi ofisini rekodi hizo zinanila siku mbili nzima, na ripoti inatoka kama simulizi ya matembezi. Mkuu wangu anaisoma yote, kisha ananiuliza: sasa nani afanye nini? Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya kuanza kuandika ripoti kuna kazi moja ambayo wakaguzi wengi huiruka, nayo ni kuichambua kila sentensi uliyoisema na kuamua ni sentensi ya aina gani. Mtu anayetembea huku akizungumza na simu huchanganya kwa pumzi moja mambo aliyoyaona kwa macho, aliyoyapima, aliyoambiwa na watu, anayoyadhani, na yale ambayo amekubaliana na wenyeji wa saiti. Masikioni yote husikika sawa. Katika ripoti kila moja lina uzito wake na mahali pake, na yakihamishwa kama yalivyotamkwa ndipo hiyo simulizi unayoilalamikia inapozaliwa.

Tuchukue rekodi moja tuifanyie kazi pamoja. Tuseme ni Jumanne tarehe 4 Machi, mkaguzi amekwenda kukagua nondo za bimu na slabu ya ghorofa ya kwanza kabla zege halijamwagwa, na amerudi na rekodi tisa zenye jumla ya dakika 14. Rekodi ya nne, ikiandikwa neno kwa neno, inasema hivi:

"Eeh, niko juu hapa upande wa ngazi, hii bimu inayopita juu ya korido. Ringi ziko mia mbili, mchoro unasema mia na hamsini. Fomani anasema nondo za juu zilibanana ndiyo maana wakaziachia. Biskuti hazipo, yaani zipo lakini chache, nondo imelalia ubao kabisa pale katikati. Halafu hii nguzo ya mwisho ina ufa, ule ule wa mara iliyopita, naona umeongezeka. Amesema wataweka sawa kabla ya kumwaga, kesho kutwa. Nisisahau kumuuliza mhandisi habari ya bomba linalopita hapa."

Kwa msomaji asiye wa fani hii, ringi ni zile pete za chuma zinazozungushiwa nondo za bimu au nguzo, na biskuti ni vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisiguse ubao wa chini, ili zege lipate kuifunika chuma pande zote.

Jambo la kwanza ni kuiandika rekodi kama ilivyo, bila kusafisha lugha, ukiweka pembeni dakika na sekunde ambapo kila jambo limetajwa. Fanya hivyo siku ileile. Kwa uzoefu wangu dakika moja ya sauti huchukua kama dakika nne kuiandika, hivyo dakika 14 ni karibu saa nzima, na ndiyo saa inayolipa kuliko zote, kwa sababu bado unakumbuka ulikuwa umesimama wapi. Ukiwa na programu inayonukuu sauti yenyewe, itumie kupata rasimu, lakini isikilize sauti tena huku ukisoma rasimu hiyo, hasa penye namba na penye ukanushi.

Nazitaja namba na ukanushi kwa sababu Kiswahili cha mdomoni kina mitego yake hapo. Mtu akisema "nimekagua nguzo kumi na mbili zina nyufa", je, amekagua nguzo 12 na zote zina nyufa, au amekagua nguzo 10 na kati ya hizo 2 zina nyufa? Tofauti yote imo katika pumzi fupi baada ya neno "kumi", na aliyeandika bila kusikiliza mara ya pili ataikosa. Vivyo hivyo "mia mbili" na "mia na mbili" hutofautishwa na silabi moja, na "hazina nyufa" hugeuka "zina nyufa" mashine ya kukata chuma ikinguruma wakati silabi ya kwanza inatamkwa. Saa nazo zina shida yake: ukisema "saa nne" simu yako imeonyesha 10:00, na picha ulizopiga zimebeba 10:00. Katika ripoti andika muda kama simu inavyouonyesha, ili picha na maneno viweze kukutanishwa.

Baada ya kuandika, soma tena ukiwa na kalamu na uitie kila sentensi alama ya aina yake. Tuanze na "ringi ziko mia mbili". Inaonekana ni kipimo, lakini je, mkaguzi aliweka futi kamba, au alitazama tu akakadiria? Na alipima wapi kwenye bimu? Swali hili la pili ndilo lililowahi kuniumiza. Miaka ya nyuma niliandika katika ripoti kwamba ringi za bimu fulani zilikuwa kwenye nafasi ya milimita 200 badala ya 150, nikaagiza zirekebishwe. Mkandarasi alirudi na mchoro mkononi. Mchoro ulitaka milimita 150 karibu na nguzo, ambako nguvu inayotaka kuikata bimu ni kubwa zaidi, na uliruhusu milimita 200 sehemu ya katikati, ambako nguvu hiyo hupungua. Rekodi yangu haikusema nilipimia wapi, nami sikukumbuka. Hoja ile ilianguka, na ikaangusha pamoja nayo hoja nyingine tatu zilizokuwa sahihi kabisa, kwa kuwa sasa kila mstari wa ripoti ulitiliwa shaka.

Kwa hiyo sentensi hii haiingii katika ripoti hadi ijibiwe mambo mawili: imepimwa kwa nini, na imepimwa wapi. Jibu likipatikana kwenye picha, vizuri. Lisipopatikana, mpigie simu aliyekuwa nawe jioni ileile, au andika waziwazi kwamba nafasi ilikadiriwa kwa macho na inahitaji kupimwa. Makadirio yaliyoandikwa kama makadirio hayamdhuru mtu. Yakivaa nguo za kipimo, yatakuaibisha.

Sentensi inayofuata, kwamba nondo za juu zilibanana, ni maneno ya fomani. Ihifadhi, kwa sababu huenda ni kweli na inaelekeza kwenye chanzo, lakini iandike kuwa ni maelezo ya fomani. Wengi huandika "ringi ziliachwa wazi kutokana na msongamano wa nondo za juu", na papo hapo mkaguzi amekuwa shahidi wa jambo ambalo hakulithibitisha, na mkandarasi amepewa utetezi wenye sahihi ya mkaguzi.

Kwenye biskuti mkaguzi alijisahihisha mwenyewe: hazipo, kisha zipo lakini chache. Kanuni ni kuchukua kauli ya mwisho, lakini neno "chache" halimfai mtu yeyote. Kinachoweza kuandikwa kwa uhakika ni kile alichokiona: nondo ya chini imegusa ubao katikati ya bimu. Hilo lina madhara yanayojulikana, kwani chuma kisichofunikwa na zege hupata unyevu, hushika kutu, kutu huvimba, na zege hubanduka kwa chini. Urefu wa sehemu iliyogusa ubao utaupata kwenye picha ikiwa futi kamba ilikuwemo ndani yake. Kama haikuwemo, kasoro inabaki bila kipimo na hilo litajwe.

Ufa wa nguzo ni mfano mzuri wa dhana inayojifanya uchunguzi. "Naona umeongezeka" haina maana mpaka kuwe na kipimo cha zamani na kipimo cha sasa. Fungua ripoti iliyopita. Ikiwa ilitoa upana wa ufa na mahali palipopimwa, basi pima tena palepale. Ikiwa ilisema tu "kuna ufa mdogo", kubali kwamba hujui kama umeongezeka, na hatua ya kufuatilia iwe ni kuupima kwa kadi ya kupimia nyufa, kuutia alama kwenye ncha zake mbili pamoja na tarehe, na kuupiga picha. Ukiandika kwamba ufa umeongezeka bila kuwa na vipimo viwili, mwenye jengo anaweza kusimamisha kazi kwa hisia yako, au mhandisi anaweza kukupuuza siku ambayo ufa umeongezeka kweli.

Tumefika kwenye sentensi inayolijibu swali la mkuu wako: "Amesema wataweka sawa kabla ya kumwaga, kesho kutwa." Isome polepole. Nani alisema? Kwa mtiririko ni fomani. Wataweka sawa nini: ringi, biskuti, au vyote viwili? Na kesho kutwa ni siku ya kuweka sawa au siku ya kumwaga zege? Sentensi hii saiti ilionekana timamu kabisa, watu wakaitikia kwa vichwa, na kila mmoja akaondoka na maana yake. Ukiigeuza kuwa "mkandarasi atarekebisha kasoro zilizobainika", umeiongezea heshima ya kiofisi lakini hujaongeza habari hata moja.

Hatua ya kufuatilia hukamilika ikiwa na mambo manne: matokeo yanayotakiwa, mtu mmoja anayewajibika, tarehe ya mwisho, na ushahidi utakaoonyesha kwamba imetimia. Baada ya kupiga simu moja na kuufungua mchoro, rekodi yetu ya nne inatoa hatua kama hii:

"Hatua 4.1. Nafasi ya ringi katika bimu ya korido upande wa ngazi, sehemu zilizo karibu na nguzo, isizidi milimita 150 kama mchoro unavyotaka. Mhusika: fomani wa mkandarasi. Mwisho: Jumatano 5 Machi, 16:00. Ushahidi: picha yenye futi kamba kwenye kila ncha ya bimu. Zege la bimu hii lisimwagwe kabla mkaguzi hajathibitisha kwa maandishi."

Tazama mambo machache hapo. "Kesho kutwa" imegeuka kuwa tarehe kamili, na kwa kuwa tulithibitisha kwamba kumwaga ni Alhamisi tarehe 6, mwisho wa marekebisho umewekwa siku moja kabla ili ukaguzi wa marudio upate nafasi. Mhusika ni mmoja. Ukiandika "mkandarasi na mhandisi", kila mmoja atamsubiri mwenzake. Na hatua inasema matokeo yanayotakiwa, haisemi ringi ziongezwe vipi, kwa sababu njia ya kazi ni jukumu la mkandarasi, na ukimwelekeza njia, ikiharibika itakuwa imeharibika kwa maelekezo yako. Ikiwa kweli nondo za juu zimebanana kiasi kwamba ringi haziingii, hilo linakuwa swali kwa mhandisi wa miundo, na linapewa hatua yake lenyewe, lenye mhusika wake mwenyewe na saa yake ya mwisho.

Kama mhusika hakutajwa kwenye rekodi wala hapatikani kwa simu, usimbuni. Andika "mhusika hajateuliwa" na upeleke hatua hiyo kwa mkuu wa mradi ili amteue. Nimeona wakaguzi wakijaza jina la fomani kwa sababu nafasi iliyo wazi kwenye jedwali inawakera, kisha fomani anasoma ripoti na kukana, tena kwa haki.

Sentensi ya mwisho ya rekodi, ile ya bomba, ni kikumbusho chako mwenyewe. Haiingii kwenye ripoti kama ilivyo, lakini isipotee: bomba linalopenya bimu hupunguza zege na huenda likakata ringi, hivyo ni swali halali kwa mhandisi, na linaandikwa kama swali lenye mahali, kipenyo cha bomba na picha. Maneno mengine ya namna hiyo, hasa maoni juu ya watu, huachwa kabisa. Ukisikia kwenye rekodi umesema "huyu fundi hafai", jiulize ulikuwa umeona nini ulipotamka hivyo. Uliloliona ndilo liandikwe.

Sasa kuhusu mpangilio. Rekodi zako zimefuata miguu yako: ulianza kwenye lango, ukapanda ngazi, ukarudi chini kwa sababu ulisahau kitu. Msomaji hakutembea nawe. Panga kwa sehemu za jengo, yaani kila bimu, nguzo au eneo la slabu lipate kichwa chake, na yale yaliyosemwa juu yake katika rekodi ya pili, ya nne na ya nane yakutane hapo. Ndani ya kichwa hicho fuata utaratibu uleule kila mara: kilichoonekana na kupimwa, kinachotakiwa na mchoro, maelezo yaliyotolewa na wenyeji, tathmini yako, halafu namba ya hatua inayohusika. Tathmini yako inakaa peke yake ili anayetaka kuipinga aipinge bila kugusa vipimo.

Ukurasa wa kwanza ubebe uamuzi na jedwali la hatua. Katika mfano wetu uamuzi ni mfupi: zege la slabu na bimu za ghorofa ya kwanza lisimwagwe tarehe 6 Machi mpaka hatua 4.1 ya ringi na hatua 4.2 ya biskuti zithibitishwe. Mkuu wako, mkandarasi na mhandisi wakisoma ukurasa huo pekee, kila mmoja anajua la kufanya. Maelezo yanayofuata ni ya yule anayetaka kujua kwa nini.

Kuna sehemu moja ambayo ripoti zilizotokana na rekodi za sauti huikosa karibu kila mara, nami naomba uikazanie: yale ambayo hukuyakagua. Mdomo husema kilichopo mbele ya macho. Mahali ambapo hukufika hapaachi sauti yoyote kwenye simu. Tuseme upande wa mashariki wa slabu ulikuwa umefunikwa kwa mbao na hukupita. Usipoandika, msomaji atachukulia kwamba kimya chako ni kibali, na zege litamwagwa juu ya nondo ambazo hakuna aliyeziangalia. Ili kuyapata maeneo hayo, weka mchoro wa ghorofa mezani na uwekee alama kila sehemu iliyotajwa kwenye rekodi. Zitakazobaki bila alama ndizo unazotakiwa kuzitaja, pamoja na sababu ya kutozifikia na siku zitakapokaguliwa.

Kuhusu mafaili yenyewe, usitegemee mazungumzo ya simu kuwa ghala. Rekodi ya WhatsApp katika simu nyingi za Android huwa na jina kama `PTT-20250304-WA0007.opus`, ambalo linakupa tarehe na namba ya mfuatano lakini halitoi saa, na picha zilizotumwa humo kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za muda zilizokuwa ndani ya picha halisi. Nakili sauti na picha za awali moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyozichukua, au zitume kama nyaraka, kisha uzitunze pamoja na ripoti. Ukitaja kwenye ripoti "rekodi 4, 01:12", mtu yeyote atakayebisha miezi sita baadaye anaweza kusikilizishwa.

Kabla ya kuipeleka ripoti, mpe jedwali la hatua mwenzako ambaye hakuwa saiti, bila kumwonyesha kurasa nyingine, umwombe akueleze kwa kila mstari angekwenda kusimama wapi na angeangalia nini ili aseme kwamba kazi imekwisha. Pale atakapokwama, hatua yako bado ni sauti iliyoandikwa tu, irudishe kwenye rekodi.

Ziara ijayo utajirahisishia kazi ukianza kila rekodi kwa kutaja mahali na sehemu ya jengo, ukarekodi sehemu moja kwa rekodi moja, na ukatamka kila namba mara mbili, mara ya pili tarakimu kwa tarakimu: "mia na hamsini, moja tano sifuri". Kila makubaliano yarudie kwa sauti mbele ya mhusika mwenyewe, simu ikiwa inarekodi naye akiwa anajua hivyo: "Kwa hiyo fomani, ringi za ncha zote mbili, kesho Jumatano kabla ya saa kumi jioni, na picha unanitumia wewe." Akikubali, umeshaipata hatua nzima kabla hujatoka saiti, na ukifika ofisini kazi yako hapo ni kuigeuza hiyo saa kumi iwe 16:00.

Namba ya hatua ikishatolewa isibadilike wala isipewe hatua nyingine. Ukirudi saiti Jumatano, fungua jedwali lilelile, na mbele ya 4.1 andika imefungwa, imebaki wazi, au imefungwa kwa sehemu, pamoja na namba ya picha inayothibitisha. Ncha moja ya bimu ikiwa na ringi kwenye milimita 150 na nyingine ikiwa bado kwenye 200, hatua hiyo imefungwa kwa sehemu tu, na zege la Alhamisi linasubiri.